Hata Chupa Halisi Haitibu Mapunye

Mazungumzo juu ya jeli ya mshubiri na mafuta ya titrii yamejengwa kwa namna ambayo dawa haiwezi kushindwa hata siku moja. Kidonda kikipona, sifa ni za dawa. Kisipopona, lawama humwendea mfanyabiashara: umeuziwa feki, imechakachuliwa, katafute iliyo halisi. Mgonjwa hununua chupa ya pili, kisha ya tatu, na kila chupa inayoshindwa humzidishia imani kwamba ipo nyingine mahali fulani, safi kabisa, itakayomponya. Sipingi kwamba uchakachuaji upo. Upo, na nitaueleza. Ninachopinga ni kule kuugeuza kuwa jibu la kila swali. Vitu hivi viwili hata vikiwa halisi kupindukia vina kazi chache zinazojulikana, na nje ya kazi hizo havifanyi lolote, au vinadhuru. Kwa mtu wa Chiwata, wilayani Masasi, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kuijua mipaka hiyo kuna faida kubwa kuliko kuwa na chupa halisi mkononi.

Tuanze na mshubiri, kwa kuwa huo hauhitaji duka. Jani lake lina sehemu tatu. Nje kuna ganda la kijani. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye kemikali iitwayo aloini. Ndani kabisa kuna nyama angavu isiyo na rangi, ambayo asilimia 98 na zaidi ni maji matupu, na iliyobaki ni sukari ndefu zinazoifanya iteleze. Mtu akisema "alovera inatibu", muulize kwanza ni sehemu ipi. Shubiri iliyosafirishwa kwa karne nyingi kutoka Sokotra na kupitia bandari ya Unguja ilikuwa ule utomvu wa njano uliokaushwa, dawa ya kuharisha. Haikuwa jeli. Kwa hiyo anayesema wazee wametumia mshubiri tangu enzi na enzi anasema kweli, ila sehemu kubwa ya ushahidi huo wa kale ni wa kitu kingine ndani ya jani lile lile. Huwezi kuchukua sifa za utomvu ukaivika nyama.

Sasa jeli yenyewe ina ushahidi gani? Upo, na mahali palipo bora ni majeraha madogo ya moto. Mwaka 2007 watafiti wa Thailand walikusanya majaribio manne yaliyohusu wagonjwa 371 wa kuungua, wakaona kwamba waliopakwa mshubiri walipona wastani wa karibu siku 9 mapema kuliko wenzao. Ni matokeo mazuri, na wanaoutetea mshubiri wana haki ya kuyataja. Lakini wenyewe watafiti walionya kwamba majaribio hayo yalitofautiana mno: huyu alitumia jani bichi, yule krimu, mwingine unga. Mwaka 2012 mapitio ya mtandao wa Kokreni yaliangalia vidonda vya kila aina na kuhitimisha kwamba ushahidi haukutosha kumshauri daktari autumie wala asiutumie. Tena lipo jaribio moja la mwaka 1991 ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Wanawake waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka waligawanywa makundi mawili. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Walioongezewa jeli ya mshubiri walichukua siku 83. Kitu kile kile kinachotuliza ngozi nyekundu isiyochanika kinaweza kukichelewesha kidonda kilicho wazi, chenye shimo. Na hiyo haikuwa jeli feki ya barabarani, ilikuwa hospitalini.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji wa moto mkononi. Kinachomfaa zaidi dakika hiyo ni maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, yakipita juu ya jeraha kwa dakika 20. Joto la uji linaendelea kupenya ndani ya nyama hata baada ya uji kufutwa, na maji ndiyo yanayolitoa. Hapa ndipo nakutana na pingamizi zito kuliko yote, na halitoki kwa wauzaji bali kwenye ardhi yenyewe. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida ya miaka yote. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, na mtu wa Newala hahitaji kusimuliwa bei ya dumu wakati wa kiangazi. Kumwambia mama afungulie bomba dakika 20 ni kumdhihaki. Jani la mshubiri liko pale uani, limejaa ubaridi, halina bili. Naelewa kabisa kwa nini mkono unakimbilia jani. Hata hivyo hesabu bado inaegemea maji. Weka beseni chini ya mkono wa mtoto, mimina kikombe kimoja baada ya kingine, chota tena yale yale yaliyo kwenye beseni. Nusu dumu inatosha, na maji hayo baadaye yanamwagiwa mche. Pasipo hata nusu dumu, kitambaa safi kilicholoweshwa na kubadilishwa kila dakika moja au mbili kinafanya sehemu kubwa ya kazi. Kupoza huku kuna faida hata kukianza saa tatu baada ya ajali. Mwili uliobaki ufunikwe mtoto asipatwe na baridi. Kipande cha mshubiri hupoza kwa sekunde chache, kikapata joto la ngozi, basi. Hakina ujazo wa kulibeba joto lile.

Baada ya kupoza ndipo kinakuja kiganja. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha dogo kuliko kiganja, jekundu, lenye maumivu, lisilo na malengelenge, linaweza kupakwa jeli na kukaa nyumbani. Likiwa na malengelenge makubwa, likiwa usoni, kiganjani, unyayoni, kwenye kiungo au sehemu za siri, likiwa jeupe au jeusi na halina maumivu, au mtoto akiwa hajatimiza mwaka, hapo mshubiri umeishiwa kazi. Lifunike kwa kitambaa safi kikavu na ufuate njia ya kituo cha afya, na kutoka huko Mkomaindo mjini Masasi au Ndanda. Usilipake chochote: jeli, majivu, dawa ya meno wala unga, maana mhudumu atalazimika kuvikwangua ili aone kina cha jeraha. Kule kutokuwepo kwa maumivu ndiko kunakowapoteza wengi. Wanadhani mshubiri umetuliza, kumbe mishipa ya fahamu imeungua.

Ukanda huu una mchomo wake wa pekee unaostahili kuzungumzwa kivyake, nao ni wa korosho. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia yenye asidi ya anakadi na kadoli, ndugu wa kikemia wa utomvu wa mwembe. Anayebangua kwa mkono au kuchoma korosho nyumbani kwenye bati hurukiwa na mafuta hayo. Ngozi huwa nyeusi, hubabuka, na kwa wengine hutokea upele unaowasha siku kadhaa baadaye hata pasipoguswa. Ushauri unaotolewa ni ule ule: paka alovera. Fikiri kidogo. Mafuta yale hayachanganyiki na maji, na jeli ya mshubiri ni maji. Ukiipaka juu ya mafuta ya ganda unayasambaza tu kwenye ngozi iliyokuwa salama. Kinachoyatoa ni mafuta mengine ya kupikia, yapakwe na kufutwa kwa kitambaa, kisha sabuni na maji, mara mbili au tatu. Jeli inaweza kufuata ngozi ikishakuwa safi, kwa ajili ya ubaridi, si zaidi. Mwenye kuvimba macho au mikono yote anahitaji dawa ya aina ya steroidi aliyoandikiwa na mganga wa hospitali. Na anayeongeza titrii juu ya mzio wa korosho anaiongezea ngozi iliyokasirika kichokozi cha pili.

Kunywa mshubiri ni kisa kifupi. Juisi inayotengenezwa kwa kusaga jani zima ina utomvu ule wa njano ndani yake. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa sokoni dawa za kuharisha zenye mshubiri kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Baadaye panya waliopewa dondoo la jani zima lisilochujwa kwa miaka miwili walipata uvimbe wa utumbo mpana, na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ukaliweka dondoo hilo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Panya si mtu, nakubali. Lakini hakuna ugonjwa ambao kunywa jani zima kumethibitishwa kuutibu kiasi cha kuufanya wasiwasi huo ustahimilike, na mjamzito hana sababu yoyote ya kulijaribu.

Titrii ina jambo moja linalochekesha. Inauzwa kwa hoja ile ile ya "tiba za wazee wetu", wakati hakuna mzee wa Kimakonde, Kimakua wala Kiyao aliyewahi kuuona mti huo. Melaleuca alternifolia ni mti wa New South Wales, Australia, hauna uhusiano na chai ya Mufindi, na mafuta yake yalianza kuchunguzwa na mkemia Arthur Penfold wa Sydney katika miaka ya 1920. Ni bidhaa ya kiwanda cha mvuke, na inastahili kupimwa kama dawa yoyote ya kiwandani. Ikipimwa hivyo inafanya vizuri kiasi. Katika jaribio la mwaka 1990 lenye wagonjwa 124, jeli yenye titrii asilimia 5 ilipunguza chunusi kama benzoili peroksaidi, ila polepole zaidi na kwa muwasho mdogo zaidi. Mwaka 2002 asilimia 64 ya wagonjwa wa fangasi wa miguuni waliopaka mchanganyiko wa asilimia 50 walisafishika fangasi, dhidi ya asilimia 31 ya waliopaka kimiminika kisicho na dawa. Miaka kumi kabla ya hapo, krimu ya asilimia 10 ilikuwa imewaondolea watu muwasho na magamba, lakini fangasi wenyewe wakabaki karibu sawa na kwa wale wasiopewa dawa. Matokeo hayo matatu yanafundisha jambo ambalo hakuna muuzaji analisema: kipimo ndicho kinachoamua. Kidogo mno kinakupa ngozi nzuri yenye fangasi ndani.

Na mapunye je? Hapa ndipo imani ya "tafuta iliyo halisi" inapowadhuru watoto. Mapunye ni fangasi, titrii inaua fangasi kwenye sahani ya maabara, basi hitimisho linaonekana kuja lenyewe. Lakini fangasi wa mapunye hawakai juu ya ngozi kama wale wa katikati ya vidole. Wameingia ndani ya unywele na kushuka hadi kwenye shina lake chini ya ngozi, mahali ambapo hakuna mafuta ya kupaka yanayofika kwa wingi wa kutosha. Hata krimu za hospitali zenyewe zinashindwa. Ndiyo maana tiba yake ni vidonge, kwa kawaida griseofulvini, vinavyomezwa kila siku pamoja na chakula chenye mafuta kwa muda usiopungua wiki 6, vikipita kwenye damu na kuingia kwenye unywele unaoota. Mtoto anayepakwa titrii hupungukiwa magamba, mama hufurahi, wiki mbili baadaye duara linarudi na limekwisha kumwambukiza mdogo wake kwenye mkeka mmoja. Kisha inanunuliwa chupa nyingine, "ya Australia kabisa". Lau ingechumwa asubuhi ya leo mtini, jibu lingekuwa hilo hilo.

Kuna kosa lingine la aina hiyo lenye gharama kubwa zaidi. Lindi na Mtwara ni mikoa ambayo ukoma haujaisha. Baka jeupe au jekundu kidogo, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa ncha ya unyoya mwenyewe halisikii, si fangasi. Dawa za ukoma hutolewa bure na huukomesha kwa miezi 6 au 12. Kila mwezi unaopotea kwa kupaka mafuta ni mwezi wa mishipa kuharibika, na mishipa iliyokufa hairudi.

Anayependa uhalisi atauliza: kama kipimo ndicho kinachoamua, si afadhali kupaka mafuta safi yasiyochanganywa? Hapana, na hapa maneno mawili yamechanganywa, halisi na salama. Mafuta halisi ndiyo yanayochoma ngozi, kwa sababu hakuna kilichoyapunguza nguvu. Kwa chunusi, mililita 1 ya titrii iliyopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano iingie katika mililita 19 za mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo asilimia 5. Jaribu tone ndani ya mkono, ngoja siku nzima. Yasitiwe sikioni, machoni wala kwenye jeraha la moto. Yasinywewe kamwe: zipo taarifa za kitabibu za watoto waliomeza chini ya mililita 10 wakalegea na kushindwa kusimama. Chupa hiyo ndogo inayokaa dirishani karibu na sharubati ni sumu, na ifungiwe kama mafuta ya taa.

Sasa tuje kwenye ununuzi, maana sikusema uchakachuaji ni hadithi. Novemba 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za mshubiri za maduka makubwa ya Marekani. Walmart, Target na CVS, jeli zao zote tatu hazikuonyesha hata kimoja cha viashiria vitatu vinavyotambulisha mshubiri, ingawa lebo ziliutaja mwanzoni mwa viungo. Badala yake palikuwa na maltodekstrini, sukari ya wanga ya bei rahisi. Kama mnunuzi wa huko alipigwa, wa Masasi mjini asitegemee rangi ya kijani imwokoe. Nyama ya mshubiri haina rangi wala harufu ya manukato; jeli ya kijani inayonukia imetiwa vyote viwili. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo mshubiri ukiwa baada ya maji, kilevi na karboma, umenunua maji mazito. Lakini kwa nini ununue? Kata jani nene la chini, lisimamishe kwa mshazari dakika 15 hadi utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, menya, suuza nyama mpaka isibaki njano, itumie siku hiyo hiyo. Jambo moja tu la kuangalia: uwe mshubiri uliopandwa na kujulikana. Mishubiri pori ya Afrika Mashariki ni aina nyingi, na mmojawapo, Aloe ballyi wa Kenya na Tanzania, una sumu ya kweli.

Titrii haina njia ya mkato hiyo, kila tone linatoka nje. Watu hufundishana kupima kwa karatasi: tone likikauka bila doa la mafuta, ni safi. Kipimo hicho kinamkamata aliyechanganya mafuta ya alizeti, na hapo kinaishia. Mchakachuaji wa kisasa hutumia kemikali za kiwandani zilizo jamaa ya viungo vya titrii yenyewe, zinazokauka vile vile na kunukia vile vile. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 4730, toleo la 2017, kinataka kiungo kikuu, tepineni-4-oli, kiwe kati ya asilimia 35 na 48, na pia kinapima uwiano wa maumbo mawili ya kiungo hicho, jambo linalohitaji maabara. Mnunuzi abaki na yale anayoweza kuyaona: jina la mmea kwa ukamilifu, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, kiwango kilichotajwa, chupa ya kioo cheusi. Chupa laini ya plastiki iachwe dukani. Halafu kuna jambo lisilotegemea uaminifu wa mtu: mafuta safi yakikutana na hewa, mwanga na joto huoza, na yaliyooza ndiyo yanayoleta mzio zaidi. Chupa iliyokaa juani kwenye meza ya muuzaji iliondoka kiwandani ikiwa halisi, nawe umeinunua ikiwa imeharibika. Ikinuka kama tapentaini, itupe. Andika tarehe uliyoifungua, na mwaka usipite.

Litabaki pingamizi la mwisho, kwamba hospitali ni mbali, dawa hazipo, na dawa za hospitali nazo zina madhara. Zinayo. Tofauti ni kwamba madhara yao yameandikwa na kipimo chao kinajulikana, nalo ndilo ninalolidai kwa chupa hizi. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS na dawa chini ya TMDA, na chupa ya titrii inapita katikati: imeandikishwa kama kipodozi, inauzwa kwa mdomo kama dawa. Muuzaji anayesema inatibu aulizwe, inatibu nini, kwa asilimia ngapi, kwa siku ngapi. Asipojibu, pesa hiyo ni nauli ya kumfikisha mtoto mwenye mapunye kwenye zahanati, na mzazi aombe vidonge, si krimu, na ndugu zake wanaolala naye wakaguliwe vichwa siku hiyo hiyo.